Koti la Kuvaa Wazi Si Koti la Kufunga: Mbona Nilimkosea Fundi Wangu

Wasee, wacha nianze na kosa langu kabla mnikumbushe kwenye maoni.

Mwezi wa nane niliweka ile video nikiwa na koti la kitenge, nikalifungua mbele ya kamera, nikawaonyesha ndani yake, kisha nikasema fundi wangu ameniangusha. Mlicheka sana. Mlisambaza. Sikutaja jina lake, lakini kibanda chake kilionekana nyuma yangu na watu wa mtaa wanakijua. Wiki mbili baadaye nikapita hapo, na yule mama akaniambia bila hasira kwamba kuna mteja aliyekuwa ameagiza nguo nne za harusi, akaja kuchukua vitambaa vyake. Alikuwa ameona video.

Kisha akaniambia, "Kijana wangu, kaa hapo nikuonyeshe koti lako."

Nilikaa karibu saa mbili. Nilichojifunza hapo ndicho naandika leo, kwa sababu Desemba inakuja, ruracio na harusi ni nyingi, na najua wengi wenu mko karibu kuagiza makoti ya kitenge. Msimamo wangu ni huu: koti la kuvaa wazi na koti la kufunga vifungo ni nguo mbili tofauti, na mteja ndiye anafaa kusema anataka gani. Ukinyamaza halafu ukatetea bei hadi ishuke, utashonewa lile la kufunga. Na ukilivaa wazi, ndani yake itatuangalia sote.

Tuanze na kitambaa chenyewe. Nenda dukani, shika kona ya kitenge, ikunje ili uone pande zote mbili kwa pamoja. Kuna vitenge ambavyo rangi imepenya hadi upande wa pili, na ni vigumu kujua mbele ni wapi. Hivyo ni vile vya nta, na bei yake huwa juu. Lakini vingi tunavyonunua vimepigwa chapa upande mmoja tu. Ukigeuza, maua ni yale yale lakini yamefifia, ni kama nguo iliyoachwa juani mwezi mzima. Changu kilikuwa hivyo: mbele samawati kali na maroni, nyuma samawati ya uji. Dukani hata sikukigeuza. Nani huvaa kitambaa nyuma mbele?

Jibu ni kwamba kila mtu anayeacha koti wazi huvaa sehemu yake nyuma mbele.

Hapa ndipo yule mama alinifungua macho. Koti langu lilikuwa na kola ya kukunja kama ya shati, na vifungo vitano kutoka kiunoni hadi shingoni. Alilivisha kwenye lile dude la mbao analotumia kupimia, akafunga vifungo vyote. Koti lilikaa poa. Huoni kosa lolote. Kisha akafungua vifungo vyote. Zile pembe mbili za juu, pale kola inapokutana na kifua, zikaanguka zenyewe kwa nje, moja kulia na nyingine kushoto, zikawa kama lapeli za suti. Na zilipoanguka, kilichotokea kifuani kwangu ni ile samawati ya uji, pamoja na ukingo mwembamba wa kitambaa ulioshonwa, na nyuzi za ovaloki.

"Unaona?" akasema. "Hapo kifuani unapoangaliwa ni ndani. Ndani imetoka nje."

Manze, hebu fikiria suti yoyote uliyowahi kuona. Ile sehemu inayokunjwa kifuani, ambayo watu huwekea ua au pini, si upande wa mbele wa koti. Ni kipande kingine kabisa, kilichoshonwa upande wa ndani, kikianzia kwenye pindo la chini, kikipanda ukingoni mwa kifua hadi begani. Mafundi wengi hukiita fesing. Kuanzia chini hadi karibu na kifungo cha juu, kipande hicho kinatazama mwili wako. Kutoka hapo kwenda juu, koti likikunjika, kinatazama watu. Kwa hivyo kama hakipo, au ni kembamba, hakuna pasi duniani itakayokuokoa.

Koti langu lilikuwa na fesing ya sentimita 4. Kwa koti la kufungwa hiyo inatosha kushika vifungo na matundu yake. Kwa koti la wazi ni kidogo mno, kwa sababu ukitembea, ukipandisha mkono, au upepo ukivuma, ile mbele ya koti hupinduka zaidi ya sentimita 4. Yule mama alisema kwa koti la wazi yeye hukata fesing inayobaki sentimita 9 au 10 ikishashonwa, na begani anaiacha 6 hadi 7. Tena huongeza kipande kimoja ambacho mimi sikuwahi kukijua: cha nyuma ya shingo, kama sentimita 8 kwenda chini. Ndicho kinachoonekana ukitundika koti kwenye hanga au ukiliweka juu ya kiti. Angalia blezi yoyote nzuri ya mitumba pale Gikomba au Toi, utakiona. Ndipo huwa wameshona lebo.

Sasa tuje kwa kola, kwa sababu kola ilikuwa aibu yangu ya pili.

Kola ina vipande viwili: cha juu tunachokiona, na cha chini kinachogusa shingo na mabega ya koti. Nilidhani vinakatwa sawa. Havifai kuwa sawa. Chukua karatasi mbili zinazolingana, zibandike ukingo kwa ukingo, halafu zikunje pamoja juu ya kidole. Ile ya nje itaonekana fupi, na ile ya ndani itachungulia. Kitambaa hufanya vivyo hivyo. Kola inapokunjwa kuzunguka shingo, kipande cha juu kina safari ndefu zaidi, kwa hivyo kinahitaji nafasi zaidi. Kwa pamba ya wepesi wa kitenge, fundi humwongezea kipande cha juu kama milimita 3 pande tatu za nje. Kitambaa kikiwa kizito kama cha koti la baridi, anaongeza zaidi. Kisha anapopiga pasi anauvuta mshono kidogo uingie upande wa chini, usionekane.

Kola yangu vipande vyote vilikuwa sawa. Matokeo yake, ncha zilikunjamana kuelekea juu na ukingo wa kipande cha chini ulikuwa unachungulia kote kote. Na kwa vile kipande cha chini kilikatwa kwenye mabaki, maua yake yalikuwa yameelekea upande mwingine. Koti likifungwa hadi shingoni, kola hulala na hiyo milimita haionekani sana. Koti likiwa wazi, kola hujitenga na shingo, husimama kidogo, na kila kitu cha chini yake hujitokeza.

Jaribio la kujua ni rahisi. Weka kola juu ya mgongo wa mkono wako, kipande cha juu kikitazama nje, kisha ukunje mkono kama umeshika chupa. Ukiona kipande cha chini kimetokeza ukingoni, kola imekatwa sawa na sawa. Ncha zikielekea juu badala ya kulala, ni kosa hilo hilo. Ukiweza kugundua wakati wa kujaribu nguo, kabla shingo haijafungwa, fundi anaweza kurekebisha kwa kupunguza cha chini kidogo. Ikishafungwa, ni kufumua.

Kuna jambo moja hapa ambalo lilinishangaza. Kwenye koti lenye lapeli, ukingo wa mbele una tabia mbili. Chini ya pale koti linapoanza kukunjika, mshono unafaa kuvutwa kwa ndani, ili fesing isichungulie. Juu ya pale, kwa kuwa pande zimegeuka, mshono unavutwa upande wa pili, ili fesing ifunike ukingo. Fundi anayejua hupiga pasi upande mmoja hadi hapo, anasimama, kisha anageuza. Nilipolitazama koti la mitumba nililokuwa nalo nyumbani kwa miaka miwili, hilo jambo lilikuwa pale wazi na sikuwahi kuliona.

Halafu kuna bitana, au laining kama wengi wetu tunavyoiita. Langu halikuwa nayo. Likifunguliwa, unaona mishono ya ubavuni, unaona mfuko ulivyoning'inia ndani kama soksi, unaona ovaloki ya nyuzi nyeupe kwenye kitambaa cha samawati. Watu wengi mlisema kwenye video, "Si angeweka tu laining." Sawa, lakini bitana ikiwekwa vibaya ni balaa kuliko kutoiweka.

Bitana haifai kubana kuliko koti. Ukinyoosha mikono mbele, mgongo unahitaji nafasi, na kitambaa cha bitana hakivutiki. Ndiyo maana katikati ya mgongo huwa kuna mkunjo, kama sentimita 2 ukiwa umekunjwa, unaofunguka ukijinyoosha. Kama haupo, bitana itapasuka kwapani kabla koti lenyewe halijachoka. Chini nayo, bitana inaishia kama sentimita 2 juu ya pindo la koti, na inaachiwa ulegevu kidogo. Ikiwa fupi sana, itavuta pindo juu na koti litaonekana limekunja uso. Ikiwa ndefu, itaning'inia nje.

Na hata ikiwa sawa siku ya kuchukua, inaweza kuharibika siku ya kufua. Kitenge cha pamba hurudi kikiguswa na maji. Bitana nyingi za hapa ni poliesta, na hiyo hairudi. Hebu piga hesabu: koti la urefu wa sentimita 70, pamba ikirudi asilimia 3, limepoteza sentimita 2 hivi. Zile sentimita 2 ulizoachiwa kwa pindo zimeisha, na bitana sasa inachungulia chini. Hapo utamlaumu fundi, na kumbe wewe ndiye ulimpelekea kitambaa kikavu kutoka dukani. Loweka kitenge, anika, piga pasi, ndiyo upeleke kukatwa. Usiku mmoja tu wa kazi.

Sasa pesa, kwa sababu kesi yangu na yule mama ilikuwa ya pesa tangu mwanzo.

Nilipoagiza, aliniambia nilete yadi 4 za kitenge, na kazi pamoja na bitana ni shilingi 3,000. Nikamwambia mtu wangu mmoja alishonewa kwa 1,800. Tukavutana. Nikaleta yadi 3, nikamlipa 1,850. Aliniuliza kitu kimoja: "Basi nikushonee la kawaida?" Nikasema ndiyo, la kawaida. Sikuuliza la kawaida maana yake ni nini.

Wacha tuhesabu nilichokata. Yadi moja ya kitenge, 350. Yadi 2 za bitana kwa 180, hiyo ni 360. Kile kitambaa kigumu cha kugundisha kwa pasi nyuma ya fesing na kola, 90. Kazi yake ya ziada, 700. Jumla 1,500. Na ile yadi moja si fundi alitaka kunyonya. Kitenge kina upana wa kama sentimita 112 hadi 115, na yadi ni sentimita 91. Fesing mbili zenye urefu wa sentimita 80 na upana wa 16 zinachukua sentimita 32 za upana. Zinabaki kama 80, ambazo zinatosha kola mbili na kipande cha nyuma ya shingo, pamoja na mabaki ya kulinganisha maua. Yaani ile yadi niliyokataa kununua ndiyo yote mliyoiona haipo kwenye video. Nililipa koti la kufunga, nikalivaa wazi, nikalalamika kwamba si la wazi.

Kuna watakaosema fundi angenishauri zaidi. Hapo nakubali nusu. Yeye ndiye anajua kazi, na swali moja tu la "utalivaa wazi ama utafunga?" lingetuokoa sote wawili. Hata yeye alikubali, na akasema sasa huwa anauliza. Lakini tuwe wakweli: nani kati yetu humsikiliza fundi akitaja bitana? Tunadhani anaongeza bei. Tunamwonyesha picha ya mtu kwenye simu, koti liko wazi, lapeli zimelala, ndani hariri ya maroni inang'aa, halafu tunataka hiyo picha kwa bei ya shati.

Wengine watasema bitana ni joto, na uko Mombasa au Kisumu hutaki kujifunika poliesta. Ni kweli kabisa. Lakini suluhisho si kuacha ndani uchi. Mwambie aweke nusu bitana, inayofunika mabega na mgongo wa juu tu, au asiweke kabisa lakini mishono yote afunike kwa utepe wa kitambaa uliokatwa mshazari. Inachukua muda kuliko ovaloki, kwa hivyo pia hailipwi bure. Kitu ambacho huwezi kuruka kwa koti la wazi, joto ama baridi, ni fesing pana na kola iliyokatwa vizuri. Bitana inaweza kujadiliwa. Hivyo viwili haviwezi.

Mwisho wa ile siku tuliliokoa koti. Kile kitenge kilikuwa kimeisha dukani, kwa hivyo nikanunua yadi moja ya pamba ya maroni isiyo na maua, ile maroni iliyo kwenye maua yenyewe. Akafumua ule ukingo wa sentimita 4, akatoa kola, akakata fesing mpya na kipande cha juu cha kola kwa maroni. Kipande cha chini cha kola akakitoa kwenye kola ya zamani baada ya kukipunguza. Mishono ya ndani akaifunika kwa utepe wa maroni hiyo hiyo, bila bitana. Sasa koti likiwa wazi, kifuani kuna lapeli za maroni, na ikipinduka bado unaona maroni. Wiki jana mtu aliniuliza kama huo mtindo ni wa makusudi. Nikamwambia ni wa fundi wangu. Nililipa 1,400 kwa kazi hiyo, na sikutetea bei.

Ile video nimeitoa. Najua kutoa hakurudishi zile nguo nne za harusi, kwa hivyo nimeweka nyingine, tukiwa naye, akieleza mwenyewe. Kama ulisambaza ile ya kwanza, fanya haki usambaze na hii.

Na wewe unayeagiza wiki hii, mwambie fundi maneno haya kabla hajataja bei: "Nitalivaa wazi." Kisha muulize fesing itakuwa na upana gani, na kola ya chini ataikata wapi. Akikujibu bila kufikiria, umepata fundi. Akisema ongeza yadi, ongeza.

Sasa inuka, toa koti lako kabatini, ligeuze, halafu rudi hapa uniambie umeona nini ndani. Nangoja picha.